Neno la Kuaga la Daktari Tarajali

Daktari tarajali wa Tanzania Bara hufanya kazi chini ya usimamizi kwa miezi 12 kabla ya kupata usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Katika mwaka huo hupita idara kubwa za hospitali, zikiwemo magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi na magonjwa ya wanawake. Anapofunga hesabu na idara, mara nyingi hupewa nafasi ya kutoa neno katika kikao cha mwisho cha asubuhi. Wasikilizaji ni madaktari bingwa, wauguzi, wakunga, watarajali wenzake na wahudumu wa wodi, watu waliomwona akiwa amechoka, akiwa amekosea na akiwa amefaulu. Hotuba ya namna hii ni fupi, na ugumu wake unatokana na ufupi huo.

Jambo la kwanza ni wakati wa kusema. Kikao cha asubuhi kina kazi yake: taarifa ya usiku, wagonjwa waliolazwa, waliofanyiwa upasuaji na waliofariki. Neno la kuaga hufuata baada ya kazi hiyo kwisha, kabla mkuu wa idara hajafunga kikao. Ikiwa usiku kulitokea kifo cha mama mjamzito au cha mtoto, kikao huwa kizito na mjadala hurefuka. Siku hiyo shukrani hukatwa ziwe sentensi mbili, au husogezwa hadi kesho yake. Katika siku ya kawaida dakika tatu zinatosha. Msemaji asiye na haraka hutamka takriban maneno 100 hadi 120 kwa dakika, kwa hiyo hotuba nzima haipaswi kuzidi ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono.

Salamu ndiyo hula muda bila msemaji kujua. Kumtaja kila mkubwa kwa cheo chake kunaweza kumaliza dakika ya kwanza yote, na anayesahauliwa katikati ya orodha hujiona amedharauliwa. Mazungumzo ya hadhara ya Tanzania yana njia ya kulikwepa hilo: "Shikamooni wakubwa zangu. Mkuu wa idara, na wote mlioko hapa, itifaki imezingatiwa." Baada ya hapo msemaji huingia moja kwa moja kwenye shukrani.

Shukrani huwa na uzito pale zinapotaja tendo. "Nawashukuru wote kwa ushirikiano wenu" ni sentensi inayoweza kusemwa katika idara yoyote, hata na mtu aliyekaa wiki moja. Kipimo chepesi ni kujiuliza kama mwenzake anayeaga idara ya upasuaji angeweza kuisoma bila kubadilisha neno. Kama angeweza, bado haijamshukuru mtu. Kwa mfano, tarajali anayeaga idara ya uzazi anaweza kusema: "Nawashukuru wakunga wa zamu ya usiku. Wiki yangu ya kwanza mlinisimamia nikisoma njia ya uzazi, na nilipokosea mlinisahihisha kwa sauti ya chini, mama asisikie." Hapo wakunga wanajua wameshukuriwa kwa lipi, na mkuu wa idara naye anapata habari ambayo huenda hakuwa nayo.

Kosa la kawaida katika sehemu hii ni shukrani kupanda juu tu. Madaktari bingwa hutajwa mmoja mmoja, huku mhudumu aliyesukuma machela saa tisa usiku na fundi wa maabara aliyeharakisha kupima kundi la damu wakipitwa. Kwa kuwa muda hautoshi kumtaja kila mtu, njia bora ni kutaja makundi matatu au manne na kulipa kila kundi tendo lake moja.

Baada ya shukrani huja mafunzo, na hapa mawili yanatosha. Funzo linaloeleweka lina sehemu tatu: tarajali alikuwa akifanya nini, nini kilimbadilisha, na sasa anafanya nini. Mfano mzuri kutoka wodi ya wazazi ni upimaji wa damu baada ya kujifungua. Kutokwa na damu kunakofikia mililita 500 baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida huhesabiwa kuwa hatari, lakini damu iliyolowa kwenye shuka na pamba huonekana kidogo kuliko ilivyo. Katika utafiti wa E-MOTIVE, uliotolewa mwaka 2023 na kufanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, damu ilikusanywa katika shuka la plastiki lenye mfuko wa vipimo, na mama aliyevuka kiwango alipewa tiba zote kwa pamoja badala ya moja baada ya nyingine. Madhara makubwa ya kutokwa na damu yalipungua kwa asilimia 60.

Tarajali hana haja ya kusimulia utafiti mbele ya watu wanaoujua. Analohitaji ni badiliko lake mwenyewe: "Nilipofika hapa nilikuwa nakisia damu kwa macho. Sista wa zamu akanifundisha kusoma alama za mfuko kila baada ya robo saa. Sasa siondoki kitandani kwa mama kabla sijasoma alama."

Funzo la pili mara nyingi huhusu kuita msaada. Tarajali wengi huogopa kumwamsha daktari bingwa usiku, wakidhani simu hiyo itaonekana ni udhaifu. Anayesema, "Nimejifunza kupiga simu wakati bado kuna muda wa kusaidiwa," huwa anawaachia ujumbe pia watarajali wanaobaki. Maneno kama "nimejifunza uvumilivu" hayamwachii msikilizaji kitu cha kufanya.

Mpaka mmoja hauvukwi katika mifano hiyo, nao ni siri ya mgonjwa. Kuacha jina peke yake hakutoshi. Namba ya kitanda, kijiji alikotoka au usiku aliolazwa humtambulisha mgonjwa papo hapo kwa watu waliomhudumia, na huenda ndugu yake yumo miongoni mwao. Funzo lielezwe kupitia kazi, si kupitia mtu aliyetibiwa.

Kuagana kwa Kiswahili hakukamiliki bila kuombana radhi. Sentensi moja hutosha: "Niliyemkosea kwa neno au kwa tendo, naomba anisamehe." Kuanza kueleza ni kosa gani, na lilitokea vipi, hufufua ugomvi uliokwisha. Malalamiko kuhusu zamu ndefu au posho iliyochelewa nayo hayana nafasi hapa. Yana mahali pake, kwa msimamizi wa watarajali, ambako yanaweza kujibiwa. Utani unaruhusiwa ikiwa anayetaniwa ni msemaji mwenyewe.

Mwisho wa hotuba ni taarifa ya makabidhiano kwa sentensi moja: wagonjwa wake wamekabidhiwa kwa nani na ni mafaili gani bado hayajafungwa. Hiyo ni heshima kwa wanaobaki na kazi. Maombi binafsi, kama kusainiwa kitabu cha kumbukumbu za mafunzo, kuandikiwa barua ya utambulisho au kufikiriwa ajira, hupelekwa ofisini kwa mkuu wa idara baada ya kikao. Yakisemwa mbele ya wote, shukrani zilizotangulia huonekana zilikuwa zikiandaa njia ya maombi hayo.