Kutoka daftari la maneno hadi kamusi ndogo

Shangazi yangu alitoka Mombasa akaolewa Nyeri miaka ya sabini, na Kikuyu alijifunza jikoni na shambani, akiandika kila neno jipya katika daftari la mistari. Kushoto aliandika Kikuyu kama alivyokisikia, kulia akaweka Kiswahili chake. Daftari hilo sasa limekuwa kamusi ndogo ambayo wajukuu wake wanaitumia, na kazi ya kulifikisha hapo ilikuwa kubwa kuliko kupiga chapa tu. Nyumba nyingi zina daftari la namna hii, la Kimeru, la Kidigo, la Kihaya, la Kisukuma, kwa hiyo nitaeleza ilivyofanyika.

Kishawishi cha kwanza ni kuanza kusahihisha papo hapo. Ukishafuta alichoandika mwenyewe, huna tena ushahidi wa alichosikia. Anza kwa kutia namba kila ukurasa kwa penseli, kisha piga picha kurasa zote. Baada ya hapo nakili mstari kwa mstari kwenye jedwali la kompyuta, ukitenga safu tatu: mahali neno lilipo (14/7 ni ukurasa wa 14, mstari wa 7), neno kama lilivyoandikwa, na tafsiri kama ilivyoandikwa. Neno lisilosomeka liandike kadiri unavyoweza, uweke alama ya kuuliza mbele yake. Mwandiko wa shangazi haukutofautisha vizuri n na u, na maneno kadhaa yalibaki na alama hiyo hadi mwisho. Safu hizi tatu hazibadilishwi tena. Masahihisho yote yanaingia katika safu mpya kando yake.

Sasa linakuja swali ambalo ndilo moyo wa kazi: neno litafutwe chini ya herufi gani? Neno linalosimama mwanzoni mwa maelezo yake, ambalo wanakamusi huliita kidahizo, lazima liwe na umbo moja kwa kila aina ya neno. Daftari halikuwa na mpango huo. Mahali pengine shangazi aliandika “kurima – kulima”, pengine “gutema – kata”, pengine “kwaria – kusema”, pengine “gwika – fanya”. Vyote ni vitenzi vyenye kiambishi kilekile, kile ambacho Kiswahili kinakiweka katika kulima na kusema. Katika Kikuyu kiambishi hicho ni kũ-, lakini shina likianza na t, k, c au th kinageuka gũ-, na kikikutana na irabu mara nyingi kinakuwa kw-. Katika gwĩka mambo yote mawili yametokea pamoja. Wanaisimu wanaita ugeuzaji huo wa k kuwa g kanuni ya Dahl.

Kwa mtengeneza kamusi, maana yake ni kwamba ukipanga vitenzi pamoja na kiambishi, vyote vitarundikana chini ya G na K, na msomaji atakayetafuta neno la kukata lazima ajue kwanza kama lianze na gũ au kũ. Ndiyo maana nilichagua shina lenye kistari: -rĩma, -tema, -aria, -ĩka. Tafsiri nazo zikafuata mtindo uleule, bila ku-: lima, kata, sema, fanya. Ukichanganya “kulima” hapa na “kata” pale, msomaji anadhani tofauti hiyo ina maana fulani.

Majina yaliingia kwa umoja, wingi ukawekwa kwenye mabano. Hapa daftari lilinipa mfano mzuri. Ukurasa mmoja ulikuwa na “rurimi – ulimi”, na kurasa nyingi baadaye kukawa na “nimi – ndimi”. Ni neno moja: rũrĩmĩ, wingi wake nĩmĩ. Maelezo yote yakakusanywa chini ya R, na chini ya N nikaacha mstari mmoja tu unaosema “nĩmĩ: tazama rũrĩmĩ”. Viashiria vya namna hii usiviweke kwa kila wingi. Weka pale tu ambapo wingi umeanza na herufi nyingine kiasi kwamba msomaji hawezi kubahatisha. Na kwa jina kama irio, yaani chakula, lililozoeleka kwa umbo la wingi, usilazimishe umoja ambao watu hawautumii. Kidahizo ni irio.

Vipi kuhusu maneno yanayozaliwa na mengine? Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyoongozwa na Frederick Johnson, iliyotoka mwaka 1939, huyaweka mengi chini ya kitenzi mama. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya mwaka 1981 inampa mpishi nafasi yake mwenyewe chini ya M. Kwa kamusi ndogo ya nyumbani mimi naunga mkono njia ya pili, kwa sababu mtoto anayetafuta neno hajui bado mama yake ni nani.

Lililonichukua muda kuliko yote ni tahajia. Kikuyu kina irabu saba, na maandishi yake yanatofautisha i na ĩ, u na ũ. Shangazi hakuweka alama hizo hata mara moja, kwa kuwa alizoea irabu tano za Kiswahili. Matokeo yake ni kwamba daftari lina “kuruga – kupika” na, kurasa kadhaa mbele, “kuruga – kuruka”. Mtu asiyejua lugha anaweza kuyaunganisha, akaandika kwamba neno hilo lina maana mbili. Kumbe ni maneno mawili: -ruga ni pika, -rũga ni ruka.

Dawa yake ni mzungumzaji, na namna ya kumuuliza ina uzito. Nilikaa na jirani mmoja wa shangazi, mama mtu mzima ambaye mtaa wote unamwita Cũcũ. Sikumsomea neno la daftari, maana ningemsomea kwa matamshi yangu yenye makosa naye kwa heshima angekubali. Nilimpa Kiswahili tu: “Cũcũ, mtoto akiruka hivi, mnasemaje?” Akajibu, nikarekodi kwa simu, kisha nikamuuliza lile la kupika. Ukiyasikia yote mawili yakifuatana mdomoni mwa mtu mmoja, tofauti inajitokeza. Palipobaki shaka nililinganisha na kamusi ya Kikuyu na Kiingereza iliyohaririwa na T. G. Benson, iliyochapishwa Oxford mwaka 1964, ambayo nayo hupanga vitenzi kwa shina.

Alama hizo zina mtego wake kwenye kompyuta. Herufi ũ inaweza kuandikwa kama herufi moja kamili, au kama u ya kawaida iliyobandikwa kiwimbi juu yake. Kwa macho zinafanana, lakini ukitafuta neno lililoandikwa kwa njia moja, programu inaweza kuliruka lile la njia ya pili, na katika kupanga yakaachana. Tumia herufi kamili kila mahali. Katika LibreOffice unaandika 0169 kisha unabonyeza Alt+X kupata ũ, na 0129 kupata ĩ. Kukagua kazi iliyokwisha andikwa, weka fomula hii kando ya safu ya vidahizo:

```
=LEN(D2)
```

Neno rũga lina herufi nne. Fomula ikijibu 5, na hakuna nafasi tupu iliyojificha, kuna kiwimbi kilichobandikwa. Kistari cha mwanzo wa shina nacho huhesabiwa, na kinaweza kuvuruga mpangilio wa alfabeti, kwa hiyo ni heri kuwa na safu ya ziada ya kupangia tu, ambamo kidahizo kimeandikwa bila kistari.

Mifano ya sentensi ndiyo inayoitofautisha kamusi na orodha, na hapa nina msimamo mkali: usitunge mwenyewe lugha ambayo si yako. Chukua kwanza sentensi zilizomo daftarini, kisha zilizorekodiwa. Sentensi nzuri ni fupi, neno linalohusika limo ndani yake, na mazingira yanalieleza. “Huu ni ulimi” haisaidii kitu, kwa sababu neno lolote lingeweza kukaa hapo. Kwa rũrĩmĩ tuliweka sentensi inayomtaka mgonjwa amwonyeshe daktari ulimi, na pamoja na maana msomaji anapata upatanisho: rũrĩmĩ rwaku, ulimi wako. Tafsiri ya sentensi iwe Kiswahili cha kawaida, si cha neno kwa neno. Hivi ndivyo maelezo machache yalivyokamilika:

-ruga kt. pika. *Maitũ nĩararuga irio.* Mama anapika chakula.

-rũga kt. ruka. *Mwana nĩararũga.* Mtoto anaruka.

rũrĩmĩ (nĩmĩ) nm. ulimi. *Onia ndagĩtarĩ rũrĩmĩ rwaku.* Mwonyeshe daktari ulimi wako.

mũthenya (mĩthenya) nm. 1. siku. 2. mchana.

Hapo “kt.” ni kitenzi na “nm.” ni nomino. Hili la mwisho daftari lilikuwa nalo mara mbili, mara “siku”, mara “mchana”. Hapa, tofauti na -ruga na -rũga, Cũcũ alitamka neno lilelile, kwa hiyo ni kidahizo kimoja chenye maana mbili zenye namba. Kila maana inadai sentensi yake, na kama bado hujaipata acha pengo kuliko kulijaza kwa kubuni.

Kabla ya kuchapa, kuna ukaguzi wa aina mbili. Kwanza panga jedwali zima kwa safu ya Kiswahili badala ya Kikuyu. Tafsiri zinazofanana zitakaa pamoja, nawe utaona vidahizo viwili ambavyo kumbe ni neno moja lililoandikwa kwa tahajia mbili. Pili, weka safu inayoonyesha kila mstari wa daftari umeingia chini ya kidahizo kipi. Mstari usio na jibu umesahauliwa.

Safu hiyo ndiyo iliyonifichulia “njira”. Neno hilo limo daftarini mara mbili, moja likitafsiriwa “njia” na jingine “niambie”, na la pili halikuwa na pa kwenda. Njĩra ya kwanza ni jina na haina tatizo. Ya pili ni kitenzi -ĩra, ambia, kilichotanguliwa na kiambishi cha “mimi”, na sauti zikabadilika zilipokutana. Jambo hilohilo ndilo linaloifanya -rugĩra, pikia, iwe ndugĩra mtu anaposema nipikie. Msomaji anayeanza hawezi kufika kwenye -ĩra akitokea njĩra, wala kwenye -rugĩra akitokea ndugĩra.

Kwa hiyo nilimpa binamu yangu mdogo sentensi kadhaa za Cũcũ pamoja na nakala ya majaribio, nikamwomba atafute kila neno peke yake, nami nikaketi kando bila kusaidia. Kila alipokwama niliandika umbo alilokuwa akilitafuta na mahali alipofungua. Maumbo hayo yakawa viashiria vipya katika nakala ya pili, na “njĩra: tazama pia -ĩra” likawa la kwanza kuingizwa.