Kizibo, Kijiti na Dakika Nne Katikati ya Mahindi

Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, mahindi yaliyopandwa mvua za kwanza hufika magotini mwezi Januari hivi. Hapo wakulima huitana kwenye shamba darasa kuonyeshana namna ya kuweka mbolea ya kukuzia. Anayepewa nafasi ya kusema mara nyingi ni mkulima mwenzao, na akiwa hakujiandaa atasimulia yote ayajuayo, kuanzia mbegu hadi ghala, huku mikono iko mfukoni.

Maelezo ya dakika nne yanabeba shauri moja tu. Tuchukue hili: urea ifukiwe, isimwagwe juu ya udongo. Anayeandaa maelezo asianze na maneno. Aende shambani peke yake, aifanye kazi yenyewe polepole na ahesabu matendo ya mikono. Atayapata matano: kupima umbali, kutoboa, kupima mbolea, kuitia, kufukia. Kila tendo lipate sentensi moja au mbili fupi, zisemwe wakati mkono unafanya. Mzungumzaji wetu tumfikirie mama mkulima wa Mbozi:

“Karibuni, sogeeni. Wa mbele chuchumaeni, wa nyuma waone. Hapa palizi nimeshamaliza, maana nisingepalilia ningelisha magugu.” (Analaza mkono chini, ubavuni mwa shina.) “Vidole vinne kutoka kwenye shina. Si karibu zaidi, mbolea itaunguza.” (Anachoma kijiti.) “Kijiti kinazama hadi kwenye alama hii, kina cha kidole.” (Anachota.) “Kizibo kimoja. Nasawazisha, kisifanye mlima.” (Anamimina, kimya.) “Sasa nafukia, nakandamiza kidogo. Basi, nahamia shina linalofuata.”

Ule ukimya wakati wa kumimina umeandikwa makusudi. Mtu anayetazama chembe nyeupe zikiingia shimoni hasikilizi maneno, kwa hiyo lolote litakalosemwa pale litapotea. Vilevile, asiseme “mbali kidogo” wala “mbolea ya kutosha”. Kidogo cha huyu si kidogo cha yule, lakini vidole vinne kila mtu anavyo.

Kizibo nacho kina hesabu yake, nayo ifanywe nyumbani kabla ya siku yenyewe. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, miche miwili kila shimo, ekari moja ina mashimo kama 9,000. Mfuko wa kilo 50 ukigawanywa humo, kila shimo linapata gramu tano na nusu hivi. Ila vizibo havilingani. Cha bati na cha plastiki havibebi sawa. Basi mama anapima robo kilo ya urea kwenye mizani ya duka, kisha anaichota kwa kizibo chake akihesabu. Vikitoka vizibo kama 45, kizibo hicho kinatosha shimo moja. Vikitoka 90, shimo litahitaji viwili. Mbele ya watu hatatoa hesabu yote hii. Atainua kizibo alichokipima na kueleza kwa kifupi alivyokijua.

Linabaki swali la kwa nini kufukia. Hapa maneno peke yake hayafui dafu, sababu kinachopotea hakionekani. Siku tatu au nne kabla, mama anajaza udongo wa shambani wenye unyevu kwenye chupa mbili zinazopitisha mwanga. Katika ya kwanza anamwaga kizibo cha urea juu, katika ya pili anakifukia chini kabisa, kisha anazifunga zote. Siku ya somo anazifungua na kuzipitisha, watu wanuse. Ya kwanza hupiga pua kama banda la kuku lisilosafishwa. Hiyo ni amonia: vijidudu vya udongoni vimeivunja urea, na naitrojeni inaondoka kama hewa. Katika chupa ya pili udongo umeizuia, kwa hiyo harufu huwa hafifu au hakuna. “Hiyo mnayonusa,” anasema, “ndiyo niliyoilipia dukani.” Ajaribu chupa hizo mapema, maana udongo mkavu hautatoa harufu, na watu watacheka.

Baada ya hapo anampa mtu kijiti, naye ananyamaza. Wengi hukosea umbali, wanatoboa karibu na shina kwa kuwa ndipo macho yanapotazama. Asimsahihishe kwa mdomo. Amwambie tu alaze vidole vyake vinne.

Swali halikosi: mvua isiponyesha je? Jibu nalo liwe la mkono. Anachimba kidogo, anafinyanga udongo kiganjani. “Ukishikamana, weka mbolea. Ukimomonyoka kama vumbi, rudisha mfuko ndani usubiri mvua. Na mvua kubwa ikiwa imeshafunga pale mlimani, subiri vilevile ipite, isije ikaizamisha mbolea mizizi isikoifikia.”