Saa Mbili ya Nani?

Mwanafunzi wa Ulaya akikuandikia kwamba atakuwa tayari saa mbili usiku, usimjibu "sawa" kabla hujamuuliza ni saa mbili ipi. Kama kitabu chake kimeshafika kwenye somo la saa, anamaanisha 20:00 ya kwenye simu. Kama hakijafika, amechukua namba ya saa yake ya kwao, akaiwekea neno "usiku", na anachokusudia ni ule wakati ambao sisi tunauita saa nane, watu wamelala fofofo. Wote wawili mtakubaliana kwa furaha, na siku ikifika mmoja atakaa mbele ya kioo peke yake.

Watu wengi wanaoanza kufundisha Kiswahili kwa mtandao huhangaikia kamera, taa na ukuta wa nyuma. Vitu hivyo vina maana yake, lakini sijaona mwalimu aliyepoteza mwanafunzi kwa sababu ya ukuta. Wanaopoteza wanafunzi hupotezana nao kwenye ratiba. Kwa hiyo hebu tumchukue mwalimu wa kubuni anayeishi Tanga, tumpe wanafunzi, bei na kalenda, tuone kazi inavyokwenda.

Kwanza, anafundisha nini? Akitangaza "Kiswahili" tupu, anashindana na kila mtu kutoka Lamu hadi Lubumbashi. Huyu wetu amejifungia kwenye mambo matatu: mazungumzo kwa watu wazima wanaoanza, Kiswahili cha nyumbani kwa watoto waliozaliwa ughaibuni, na kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hilo la tatu lina wateja wachache, watafiti hasa, na pengine Waswahili wa Muscat wenye barua za babu zao kabatini. Lakini mtu anayelitafuta hana pa kwingi pa kwenda, na bei yake inaweza kuwa juu zaidi.

Bei ya mazungumzo ameiweka dola 12 kwa kipindi cha dakika 50. Inavutia, mpaka uhesabu dakika zisizoonekana: dakika 20 za kuandaa na 15 za kuandika muhtasari na kumtumia mwanafunzi. Kipindi cha dakika 50 kimekula dakika 85, na ile dola 12 imekuwa kama dola 8 na nusu kwa saa nzima ya kazi. Akipata wanafunzi kupitia kampuni kubwa za walimu wa mtandaoni, kuna kamisheni pia. Preply, kwa mfano, imekuwa ikichukua malipo yote ya kipindi cha kwanza cha majaribio cha kila mwanafunzi mpya, kisha asilimia 33 ya vinavyofuata, ambayo hushuka taratibu hadi 18 kadiri saa za mwalimu zinavyoongezeka. Kwa asilimia 33, dola 12 inabaki dola 8 na senti 4, na saa yake ya kazi inalipwa chini ya dola 6. Si lazima iwe hasara, kwa sababu kampuni ndiyo iliyomletea mteja na ndiyo inayokusanya pesa. Ila apange bei akiijua hesabu hiyo.

Akifundisha kwa mkono wake mwenyewe, namshauri auze vipindi vitano vitano, vilipwe kabla. Kuahirisha ni bure ikiwa taarifa imefika saa 24 kabla. Baada ya hapo kipindi kimehesabiwa. Sharti hilo aliandike tangu siku ya kwanza, maana kulitaja baada ya mtu kukosa kipindi ni kutafuta ugomvi.

Sasa twende darasani. Mwanafunzi ni mvulana wa miaka kumi, wazazi wake Wakenya, wanaishi Minneapolis. Anakisikia Kiswahili vizuri ila hujibu kwa Kiingereza. Mama yake ameomba kipindi cha mfano cha dakika 25. Mwalimu asiyezoea angefungua slaidi ya ngeli, na mtoto angekuwa ameshachoka kufikia dakika ya tano. Huyu wa Tanga anamwomba mama ampeleke mtoto jikoni na simu.

"Shikamoo mwalimu," mtoto anasema. Ameshafundishwa hilo na mama.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nionyeshe kijiko kiko wapi."

"Kijiko iko kwa meza."

Hapa ndipo kipindi kinaposimama au kuanguka. Sentensi ile si ya mgeni asiyejua lugha. Ni Kiswahili cha Nairobi, amekipata kwa baba na mama, na akiambiwa "umekosea" ameambiwa kwamba wazazi wake wamekosea. Mwalimu anaipokea, kisha anaisema kwa namna yake na kuendelea mbele.

"Ahaa, kijiko kiko mezani. Na sahani iko wapi?"

"Sahani iko hapa."

"Iko hapo, vizuri. Na vijiko vingine?"

"Vijiko ziko kwa… kwa droo."

"Viko kwenye droo. Viko vingapi? Vihesabu."

"Kimoja, viwili, vitatu."

Hakuna aliyemfundisha "viwili, vitatu". Alikuwa nayo tayari, imelala. Mwalimu anarudi hapo hapo: "Vijiko vitatu viko wapi?" Mtoto anasita, anasema "viko", na mama anasikika akicheka pembeni. Katika dakika 25 mtoto amezungumza sentensi kama ishirini za Kiswahili, na neno "ngeli" halijatajwa. Muhtasari unaotumwa baadaye una mistari minne tu: kiko, viko, iko, ziko, kila kimoja na kitu cha jikoni kwao. Kipindi kijacho ni sebuleni.

Jambo moja la mitambo hapa. Akaunti ya bure ya Zoom hukata mkutano baada ya dakika 40, hata mkiwa wawili. Kipindi cha mfano kitapita salama, kile cha dakika 50 kitakatika katikati ya sentensi. Google Meet ya bure haina kikomo hicho kwa watu wawili.

Mama ameridhika, anataka kila Jumamosi saa tatu asubuhi ya kwao, yaani 09:00. Mwalimu anafungua kalenda. Ni Januari, Minneapolis iko nyuma ya Tanga kwa saa tisa, kwa hiyo 09:00 yao ni 18:00 Tanga, saa kumi na mbili jioni. Nafasi ipo. Saa kumi na moja jioni, 17:00, tayari ana mwanafunzi mwingine, mama mmoja wa London ambaye kwake ni 14:00. Vipindi viwili vinafuatana, na kati yake zipo dakika kumi za kunywa maji. Ratiba safi kabisa, na itaharibika Machi bila mtu yeyote kuigusa.

Sisi wa Afrika Mashariki saa zetu hazisogei. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ziko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, UTC, mwaka mzima. Muscat nako hawasogezi. Wako mbele yetu kwa saa moja, Januari na Julai sawasawa. Lakini Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Wote wanafanya jambo lile lile, ila si siku moja, na katika pengo hilo ndimo mwalimu wetu anamotumbukia.

Mwaka 2026 Marekani ilikuwa na zamu yake tarehe 8 Machi. Kuanzia hapo 09:00 ya Minneapolis si 18:00 tena Tanga, ni 17:00. Mama wa London bado yuko kwenye saa za baridi, na yeye pia ni 17:00. Kwa hiyo Jumamosi tatu, tarehe 14, 21 na 28 Machi, wanafunzi wawili wanagonga mlango mmoja kwa wakati mmoja, na kila mmoja ana haki. Tarehe 29 London nayo inasogea, kipindi chake kinakuwa 16:00 Tanga, na mambo yanatulia. Vuli mgongano unarudi kwa Jumamosi moja tu, tarehe 31 Oktoba, kwa sababu London inarudisha saa tarehe 25 na Marekani inangoja hadi 1 Novemba.

Dawa yake ni kuamua mapema saa ni ya nani. Katika Google Calendar, kipindi cha kila wiki hufungwa kwenye saa za mji fulani. Ukikifunga Nairobi, mwalimu hasogei na mwanafunzi ndiye ataona saa yake imebadilika. Ukikifunga Chicago, ambayo saa zake ni sawa na za Minneapolis, mtoto atabaki na saa tatu yake asubuhi na mwalimu ndiye atakayehama. Kwa mtoto mwenye ratiba ya shule na mpira, mimi ningefunga kwao. Kwa mtu mzima ningefunga huku, nikamwambia wazi kwamba kuanzia Machi kipindi chake kitasogea. Kibaya ni kutochagua, kwa sababu kalenda itachagua yenyewe kufuatana na simu iliyotumika kukiandika. Programu za kuwekea nafasi kama Calendly humwonyesha mgeni nafasi kwa saa za kwake, na hilo linasaidia sana, lakini wale wawili wa kudumu waliopangwa kwa mazungumzo ya WhatsApp haziwajui mpaka uwaingize kwenye kalenda iliyounganishwa nazo.

Uthibitisho wenyewe uandikwe kwa saa za tarakimu, miji yote miwili, na siku:

```
Jumamosi 14 Machi 2026
Tanga 17:00 | Minneapolis 09:00
```

Siku isiachwe. Mtu wa Minneapolis akichagua Ijumaa 20:00 wakati wa baridi, huku ni 05:00, na Jumamosi imeshaingia. Akisema "Ijumaa usiku" na mwalimu akaelewa Ijumaa yake mwenyewe, wamepishana siku nzima. Saa za Kiswahili zibaki darasani, na mwanafunzi akishazimudu ndipo mpange nazo, kwa mzaha kwanza, tarakimu zikiwa chini yake.

Kuna na kalenda nyingine ambayo programu haiijui. Ramadhani ya 2026 ilianza katikati ya Februari, na magharibi ya Tanga wakati huo huingia karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini. Kipindi cha saa kumi na mbili jioni cha dakika 50 kinapita juu ya futari. Mwalimu anayefunga akisogeze nusu saa nyuma kwa Jumamosi hizo, pamoja na kile cha London kinachokitangulia, na awaambie mama wote wawili kabla mwezi haujaandama. Na Idd, kwa kuwa inangoja mwezi uonekane, azuie siku mbili nzima kwenye kalenda, afungue moja mwezi ukishatangazwa.