Modemu Ileile, Amri Ileile, Majibu Mawili

Kifaa kinachopima kina cha maji kwenye tangi la kijiji na kutuma ujumbe mfupi kwa fundi wa pampu huwa na sehemu mbili zinazozungumza kwa maandishi. Moja ni kompyuta ndogo, aghalabu ya aina ya Arduino, na nyingine ni modemu ya simu kama SIM800L. Kabla ya ujumbe wowote kutoka, kompyuta huiandaa modemu kwa amri chache zinazoanza na herufi AT, na kila amri ikikubaliwa modemu hujibu OK. Desturi hii ilianza na Smartmodem ya kampuni ya Hayes ya Marekani mwaka 1981. Baadaye ikawekwa kwenye kiwango cha kimataifa kiitwacho V.250, na mpaka leo modemu nyingi za simu bado zinaifuata.

Ugumu unaanza pale maandalizi yanaporudiwa. Umeme ukiyumba, kompyuta inaweza kuzima na kuwaka huku modemu ikiwa haijazimika. Programu inaanza upya kana kwamba hakuna kilichotokea, lakini modemu inakumbuka mipangilio iliyopewa mara ya kwanza. Chukua amri ATE0, inayoiambia modemu iache kurudisha kila herufi inayopokea. Hivi ndivyo jibu lake linavyosomeka baiti kwa baiti, kwanza modemu ikiwa imewashwa sasa hivi, kisha programu ikianza mara ya pili:

```
ATE0\r\r\nOK\r\n
\r\nOK\r\n
```

Mara ya kwanza mwangwi ulikuwa bado umewashwa, kwa hiyo amri yenyewe imerudi ikitangulia jibu. Mara ya pili mwangwi umekwisha kuzimwa, limebaki jibu tupu. Programu iliyoandikwa kusubiri herufi zilezile za mara ya kwanza itatangaza kwamba modemu imekufa, na fundi atafunga safari kwenda kubadilisha kifaa kizima. Kumbe modemu imejibu vizuri mara zote mbili.

Wengi wakishakwama hapo hukimbilia kulegeza masharti: chochote chenye herufi O na K ndani yake kikubaliwe. Huko ni kutibu ugonjwa mmoja kwa kuleta mwingine. Namna iliyo salama ni kuukata mfululizo huo wa herufi kuwa mistari, kufuta alama za mwisho wa mstari, kisha kuuliza kama kuna mstari ambao ni OK mzima, bila herufi mbele wala nyuma.

```
def jibu_la_mwisho(mistari):
    for m in mistari:
        if m == "OK":
            return True
        if m == "ERROR" or m.startswith(
                ("+CME ERROR:", "+CMS ERROR:")):
            return False
    return None
```

Matokeo yanayowezekana ni matatu, na hilo la tatu ndilo linalosahauliwa. None maana yake hakuna jibu lililofika, na ukimya haufai kuhesabiwa kuwa kukubali wala kukataa. Amri irudiwe baada ya sekunde moja hivi, na majaribio yakiisha ukimya uandikwe kwenye kumbukumbu kama ukimya.

Katika kuamua tofauti zipi zivumiliwe, mimi hutenganisha kinachozunguka jibu na jibu lenyewe. Mwangwi, nafasi na mistari mitupu ni mavazi tu, vipite. Jibu lenyewe lisiwe na mbadala hata mmoja. Modemu iliyowahi kupewa amri ATV0 hujibu kwa tarakimu, na badala ya OK hutoa 0. Ni jibu halali kabisa kwa kiwango cha V.250, lakini sioni sababu ya programu kulipokea, kwa kuwa 0 inaweza kutokea popote kwenye data. Afadhali kuirudisha modemu kwenye hali moja inayojulikana kabla ya kuuliza lolote. Amri ATE0V1Q0 inatosha: inazima mwangwi, inarudisha majibu ya maneno, na inaruhusu majibu yatoke endapo kuna aliyekuwa ameyafunga. Tofauti iliyoondolewa kwenye chanzo haihitaji tena kuvumiliwa.

Yapo pia maneno yanayojileta bila kuulizwa. SIM800L ikishawaka na kuisoma laini hutoa Call Ready, halafu SMS Ready, na yanaweza kuangukia katikati ya amri na jibu lake. Wakati wa maandalizi yaachwe yapite. Lakini Call Ready hiyohiyo ikionekana saa mbili baadaye, kifaa kikiwa kazini, habari yake ni nyingine: modemu imejiwasha upya yenyewe. Mara nyingi chanzo ni umeme. Modemu hii inahitaji volti 3.4 hadi 4.4, na inapotuma kwa mtandao huvuta hadi ampea 2 kwa vipindi vifupi mno. Waya mwembamba au chaja dhaifu haihimili mvuto huo, volti zinashuka, modemu inazimika na kurudi na mwangwi wake kama ilivyotoka kiwandani, isipokuwa mipangilio ilihifadhiwa kwa AT&W. Kwa hiyo maneno yaleyale hupuuzwa katika hatua moja na kuwa kengele ya hatari katika nyingine. Programu inapaswa kujua iko hatua gani, na ikiyaona baada ya maandalizi iyaanze maandalizi upya.

Kosa lililojificha kuliko yote hutokea kompyuta inapozimika katikati ya kutuma. Baada ya amri AT+CMGS modemu hutoa alama ya > na kusubiri maneno ya ujumbe. Kompyuta ikirudi wakati huo na kuandika AT, modemu haioni amri, inaona maneno mengine ya ujumbe. Haitatoa OK hata uiite mara ngapi. Anayeijaribu mezani kwa kuzima na kuwasha vyote viwili pamoja hatalikuta kosa hili kamwe.

Dawa yake ni kutuma ESC, herufi namba 27, inayofuta ujumbe ulioachwa njiani. Ctrl-Z isitumike, maana hiyo humaliza ujumbe na kuutuma, na fundi atapokea sentensi iliyokatika iliyojaa AT. Hata ESC ina mtego wake. Kama modemu ilikuwa ikisubiri ujumbe, hujibu ESC kwa OK. Kama haikuwa, hakuna jibu. OK hiyo ya ziada ikibaki kwenye foleni itasomwa kama jibu la amri inayofuata, na kuanzia hapo kila jibu litasogea nafasi moja: amri ya tatu itapewa jibu la pili, na kosa la laini kutokuwepo litabandikwa amri isiyohusika. Ndiyo maana baada ya ESC programu isubiri kidogo, imwage kila kilichofika, ndipo itume ATE0V1Q0.

Kipimo changu cha maandalizi yaliyokamilika ni kuyaendesha kutoka hali tatu: modemu imewashwa sasa hivi, modemu imeachwa ikiwaka huku kompyuta ikianza upya, na kompyuta imezimwa kwenye alama ya >. Baiti ghafi zihifadhiwe zote, kwa sababu zikisafishwa kabla ya kuhifadhiwa chanzo cha tofauti hakitaonekana tena. Tangu amri ATE0V1Q0 ipate jibu lake, kumbukumbu hizo tatu zinapaswa kulingana mstari kwa mstari, ukiondoa matangazo kama Call Ready.

Mpaka wa njia hii uko kwenye kusoma ujumbe unaoingia. Fundi akijibu kwa neno moja tu, OK, na modemu iko katika hali ya maandishi, neno lake litatokea kwenye mstari wake peke yake, na hakuna ukaguzi wa mistari utakaolitofautisha na jibu la modemu. Hapo inabidi kuhamia hali ya PDU kwa amri AT+CMGF=0, ambamo ujumbe wenyewe hufika kama tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F, na O wala K haimo.