Bomba la Jikoni na Nakala ya Hati

Nyumba ilikuwa Goba, Dar es Salaam: vyumba vitatu, uzio wa matofali, simtanki ya lita 5,000 juu ya mnara. Mwenye nyumba alimdaka mume mara tu alipoingia getini, akamweleza habari za hati ya miaka 99 na jinsi gari mbili zinavyoenea uani. Mke aliachwa nyuma. Aliingia jikoni, akafungua bomba, maji yakatoka kama uzi. Kisha akagusa ukuta wa chumba cha nyuma. Rangi ilikuwa mpya, lakini imeishia usawa wa kiuno. Wakaaga kwa neno ambalo sisi madalali tunalijua vizuri: “Tutawasiliana.” Hawakupiga simu.

Nilimwambia mwenye nyumba waziwazi kwamba rangi ile ndiyo iliyomponza. Unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi huacha chumvi nyeupe na kubandua plasta. Anayepaka nusu ya ukuta anaonekana anaficha, na mnunuzi akishaliona hilo huanza kuitilia shaka hata hati.

Wiki chache baadaye walikuja wengine. Mume alitaka nyumba ambayo benki itaipokea kama dhamana. Mke aliwaza maji, na mama mkwe mwenye magoti mabovu atakayeishi nao. Safari hii tulianzia jikoni. “Mama, fungua mwenyewe,” mwenye nyumba akasema. “Maji ya DAWASA huku yanakuja usiku mara mbili kwa wiki. Siku nyingine tunatumia ya simtanki.” Akawapeleka chumba cha nyuma. Rangi ilikuwa imekwanguliwa, chumvi inaonekana, na fundi alikuwa ameshaandika gharama za kurekebisha. Akakubali zitolewe kwenye bei.

Mume naye alipewa vyake: mawe ya mipaka akayaona kwa macho, yakilinganishwa na ramani ya upimaji, halafu akakabidhiwa nakala ya hati na stakabadhi za kodi ya pango la ardhi. Nakala peke yake haitoshi. Nilimshauri afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati, ambako kunaonekana jina la mmiliki, rehani ya benki na zuio kama lipo.

Mke akauliza swali ambalo wengi hulisahau: “Mkeo anajua unauza?” Ni swali la msingi, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mwenye nyumba akamwita mkewe, naye akasema mwenyewe kwamba ameridhia na yuko tayari kusaini.

Sikuwabana waamue palepale. Niliwaomba warudi siku ya mvua, wakati ambao Goba husema ukweli wake kuhusu barabara. Mke alirudi na mama mkwe, wakashuka kituoni na kupanda kilima taratibu huku akitazama saa. Mama alipumzika mara moja tu, chini ya mwembe wa jirani, akaomba maji ya kunywa.