Kukamata kosa la kompyuta kwa eneo la mkunjo

Chukua 1, jumlisha nusu, kisha theluthi, kisha robo, na uendelee hivyo hadi sehemu moja ya milioni mia. Kazi hii mkono hauiwezi, lakini kompyuta huimaliza kwa muda mfupi. Programu yake kwa lugha ya C ni fupi sana:

```c
float s = 0.0f;
for (int n = 1; n <= 100000000; n++)
    s += 1.0f / n;
```

Mashine nyingi zitakupa jibu linalokaribia 15.4037. Ongeza kikomo hadi bilioni moja, utapata 15.4037 ile ile. Mtu anaweza kuridhika na kusema kwamba jumla hii imefika mwisho wake. Lakini jibu hilo si sahihi, tena limekosewa kwa zaidi ya 3, na huhitaji kurudia kujumlisha ili kulijua hilo. Grafu moja na kalkuleta yenye kitufe cha ln vinatosha.

Wanahisabati huiita jumla hii mfululizo wa hamoniki. Nicole Oresme, msomi wa Ufaransa, alionyesha katika karne ya 14 kwamba hauna kikomo. Theluthi na robo kwa pamoja huzidi nusu. Vivyo hivyo sehemu nne zinazofuata, kuanzia moja ya tano hadi moja ya nane, huzidi nusu, kisha nane zinazofuata, kisha kumi na sita. Nusu hazitaisha kamwe, kwa hiyo jumla itapita namba yoyote utakayoitaja. Hoja hiyo inatwambia kwamba jumla inakua bila kukoma. Jambo ambalo haisemi waziwazi ni kiasi ambacho itakuwa imefikia ukishajumlisha namba milioni mia, na hapo ndipo eneo linapotusaidia.

Chora mkunjo wa 1/x. Pale x ilipo 1, kimo chake ni 1. Pale x ilipo 2, kimo ni nusu. Na unazidi kushuka taratibu kuelekea kulia bila kugusa sakafu. Sasa simamisha mistatili, kila mmoja ukiwa na upana wa 1. Wa kwanza una kimo cha 1 na unakaa kati ya 1 na 2. Wa pili una kimo cha nusu na unakaa kati ya 2 na 3. Wa tatu, wa theluthi, unakaa kati ya 3 na 4. Kwa kuwa upana ni 1, eneo la kila mstatili ni sawa na kimo chake, kwa hiyo jumla tunayoitafuta ndiyo eneo la mistatili yote.

Angalia kichwa cha kila mstatili. Mkunjo unagusa pembe yake ya juu ya kushoto, kisha unashuka na kuuacha mstatili ukiwa juu. Kwa hiyo mistatili inaufunika mkunjo wote, na jumla ni kubwa kuliko eneo lililo chini ya mkunjo kuanzia 1 hadi n+1. Eneo hilo, yaani integrali ya 1/x, ni logi asilia ya n+1. Tumepata mpaka wa chini.

Ili kupata mpaka wa juu, sogeza kila mstatili hatua moja kushoto. Mstatili wa nusu sasa unakaa kati ya 1 na 2, wa theluthi kati ya 2 na 3. Safari hii mkunjo unagusa pembe ya juu ya kulia, na mstatili mzima umelala chini yake. Kwa hiyo nusu, theluthi na wenzao hadi 1/n, kwa pamoja, hawafikii ln n. Mstatili wa kwanza, wenye kimo cha 1, hatukuusogeza, na sababu ni ya msingi: ungekaa kati ya 0 na 1, mahali ambapo mkunjo unapanda bila kikomo na eneo lake halina mwisho. Mpaka usio na mwisho haumzuii mtu. Kwa hiyo 1 hiyo tunaiweka kando, kisha tunairudisha mwishoni. Kwa n yoyote inayozidi 1:

ln(n+1) < 1 + 1/2 + … + 1/n < 1 + ln n

Ijaribu kwa namba ndogo. Jumla hadi robo ni 2.083. Logi asilia ya 5 ni 1.609, na 1 ukijumlisha logi asilia ya 4 unapata 2.386. Jumla imekaa katikati kama inavyopaswa.

Sasa turudi kwenye milioni mia. Logi yake asilia ni 18.42, kwa hiyo jumla ya kweli iko kati ya 18.42 na 19.42. Ile 15.40 ya kompyuta imeanguka mbali chini ya mpaka.

Chanzo cha kosa ni aina ya namba tuliyoichagua. Namba ya `float` huhifadhiwa kwa takriban tarakimu 7 tu. Jumla ikiwa kati ya 8 na 16, mashine haiwezi kuisogeza kwa hatua iliyo ndogo kuliko 1/1,048,576. Kinachoongezwa kikifika nusu ya hatua hiyo, yaani 1/2,097,152, mashine inakadiria jibu na kulirudisha palepale lilipokuwa. Kuanzia hapo mamilioni ya namba yanajumlishwa na hakuna kinachoongezeka.

Lakini mipaka yetu ina pengo la karibu 1, na kosa dogo linaweza kujificha ndani yake. Tazama jumla ya kompyuta pale ilipokwama, kwenye namba ya 2,097,152. Mipaka inasema 14.56 na 15.56, na 15.40 inapita bila kushtukiwa.

Dawa yake ni kubana pengo. Mistatili ya mwanzo ndiyo inayoachana na mkunjo zaidi, kwa sababu huko ndiko mkunjo unakoshuka kwa kasi. Basi kumi ya kwanza ijumlishe kwa mkono: inatoa 2.929. Kwa iliyobaki tumia eneo, ukianzia 11 kwa mpaka wa chini na 10 kwa mpaka wa juu. Unapata 2.929 + ln((n+1)/11) upande mmoja na 2.929 + ln(n/10) upande wa pili, na pengo sasa halifiki hata sehemu moja ya kumi.

Ukiweka 2,097,152, mipaka inakuwa 15.09 na 15.18. Ile 15.40 imenaswa, na safari hii imezidi badala ya kupungua. Makadirio madogo madogo yalikuwa yameivusha juu ya jibu la kweli, ambalo ni 15.13, kabla haijakwama. Kwa milioni mia, mipaka iliyobanwa ni 18.95 na 19.05. Badili `float` iwe `double`, inayohifadhi tarakimu 15 hivi, na uandike `1.0 / n` badala ya `1.0f / n`. Programu ile ile itatoa 18.998.