Hatari Inayolipwa na Hatari Isiyolipwa

Mwisho wa mwaka 2007, faharisi ya kampuni 20 katika Soko la Hisa la Nairobi ilikuwa karibu pointi 5,445. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa imeteremka hadi karibu 3,521. Aliyegawa shilingi 100,000 kwenye hisa hizo, gawio likiwekwa kando, alibaki na kama 65,000. Jirani yake aliyeikopesha serikali kupitia dhamana za siku 91 alirudishiwa fedha zake zote, na riba juu.

Mtu aliyeona mambo hayo hawezi kushika hisa tena kwa mapato yaleyale anayopata jirani yake. Atadai zaidi. Kile anachotarajia kupata juu ya riba ya dhamana za serikali, kwa sababu tu amekubali kuyumba pamoja na soko zima, ndicho wanafunzi wa fedha wanachokiita ziada ya hatari ya hisa.

Hisa zina ubaya mwingine unaoifanya ziada hiyo kuwa ya lazima: huanguka wakati mbaya. Soko likiporomoka, mara nyingi biashara nazo zimedorora, wateja wamepungua na ajira zinapotea. Mwenye hisa hujikuta amepungukiwa pande zote mbili kwa wakati mmoja, siku ileile anapohitaji akiba yake kulipa karo.

Lakini je, kila hatari hulipwa? Swali hilo ndilo alilolishughulikia Mmarekani William Sharpe katika makala ya mwaka 1964. Makala hiyo ilikataliwa mara ya kwanza alipoipeleka kwenye jarida, lakini mwaka 1990 kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobeli ya uchumi, pamoja na Harry Markowitz na Merton Miller. John Lintner na Jan Mossin nao walifikia wazo hilohilo miaka hiyohiyo. Darasani wazo hilo hujulikana kwa herufi nne, CAPM.

Jibu lao ni kwamba soko hulipa hatari moja tu, ile ambayo mtu hawezi kuikwepa. Chukua kiwanda cha saruji. Tanuri linaweza kuharibika au mkurugenzi hodari akahamia kwa mshindani. Mwenye hisa za kiwanda hicho peke yake ataumia sana. Mwenye hisa za kampuni 20 tofauti hatahisi sana, kwa sababu mwezi tanuri linapoharibika hapa, huenda benki fulani imepata faida kubwa kule. Kwa kuwa hatari hiyo inaondoka kwa kutawanya fedha tu, hakuna mnunuzi atakayeilipia. Akitokea anayeitaka hisa kwa bei ya chini eti kwa sababu ya tanuri, mwenzake aliyetawanya atampiku kwa kutoa bei ya juu.

Kinachobaki ni mtikisiko unaozikumba kampuni zote pamoja: mfumuko wa bei, riba kupanda, uchumi kuzorota. Kila hisa huupokea kwa kiwango chake, na kiwango hicho ndicho beta. Ili kukikadiria, mwanafunzi huchukua mapato ya hisa ya kila mwezi, mara nyingi ya miezi 60, na kuyapanga mbele ya mapato ya soko katika miezi ileile. Kila mwezi huwa nukta moja kwenye karatasi, kisha mstari hupitishwa katikati ya nukta hizo. Ikiwa soko likipanda kwa 10 hisa hupanda kwa wastani wa 15, na likishuka hushuka hivyohivyo, beta yake ni 1.5.

Sasa tuseme serikali inalipa asilimia 10, na ziada ya hatari ya soko zima ni 6. Kiwanda cha saruji, ambacho hustawi ujenzi unapochangamka na kusinyaa unaposimama, kina beta ya 1.5. Kinabeba hatari ya soko mara moja na nusu, kwa hiyo kinastahili ziada mara moja na nusu, yaani 9. Wenye hisa watadai asilimia 19. Kampuni ya kusambaza maji, ambayo wateja wake hawaachi kunywa hata hali ikiwa ngumu, ina beta ya 0.5. Ziada yake ni 3, na wenye hisa wataridhika na 13. Menejimenti ya saruji ikipanga kujenga tanuri jipya litakalozalisha asilimia 17 kwa fedha za wenye hisa, hesabu inasema wasijenge, ingawa faida hiyohiyo ingetosha kabisa kwa kampuni ya maji.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ugumu uko katika kuzipata zile namba, hasa ile 6.

Wengi hukimbilia historia. Rajnish Mehra na Edward Prescott walifanya hivyo kwa Marekani katika makala ya mwaka 1985. Kati ya 1889 na 1978, baada ya kuondoa mfumuko wa bei, hisa zililipa karibu asilimia 7 kwa mwaka, na dhamana za muda mfupi chini ya 1. Tofauti ya takriban 6 iliwashangaza, kwa sababu woga wa kawaida wa binadamu haukutosha kuieleza, na wachumi bado wanabishana kuhusu sababu yake.

Mwanafunzi akijaribu njia hiyo Nairobi atakwama. Mwisho wa mwaka 2022 ile faharisi ya kampuni 20 ilikuwa karibu 1,676, chini kwa karibu asilimia 70 kuliko miaka 15 nyuma. Hata gawio likirudishwa, hesabu inaweza kumpa ziada iliyo chini ya sifuri, kana kwamba anayebeba hatari zaidi anatarajia kupata kidogo zaidi. Hapo ndipo ajue kwamba amepima bahati ya kipindi kimoja, wakati alichohitaji ni matarajio ya wanunuzi. Soko likiwa linayumba kwa pointi 20 hivi kwa mwaka, hata wastani wa miaka 25 unaweza kwa urahisi kukosea kwa pointi 4 juu au chini. Ndiyo maana wathamini wengi huanza na ziada ya soko lililokomaa kisha huongeza kiasi kwa ajili ya hatari ya nchi. Wakifanya hivyo sharti waangalie riba ya serikali waliyoanza nayo. Kama riba hiyo tayari imepandishwa na hofu kwamba serikali itashindwa kulipa, hofu hiyohiyo itahesabiwa mara mbili.

Beta nayo ina mitego yake. Hisa inayopita wiki kadhaa bila kununuliwa hubaki na bei ya zamani wakati soko linasonga, hivyo huonekana tulivu na beta yake hutoka ndogo mno. Safaricom ina tatizo la upande wa pili. Kuna nyakati ilipofikia zaidi ya nusu ya thamani ya soko lote la Nairobi. Ikipimwa dhidi ya faharisi inayopima kampuni zote kwa thamani, kwa sehemu kubwa inapimwa dhidi yake yenyewe, na beta lazima ikaribie 1.

Turudi kwenye tanuri la saruji. Ziada ikiwa 5 badala ya 6, na beta 1.3 badala ya 1.5, wenye hisa watadai asilimia 16.5, na mradi wa asilimia 17 unapita. Mabadiliko hayo mawili ni madogo kuliko makosa ya kawaida ya vipimo vyenyewe. Kwa hiyo mchambuzi mwangalifu huandika kwamba gharama ya mtaji iko kati ya 16 na 19, kisha huwauliza wahandisi ile 17 imesimama juu ya mauzo ya tani ngapi.